Leia Alimkumbukaje Mama Aliyefariki Siku ya Kumzaa? Mwongozo Kamili wa Kupatanisha Prikweli na Hadithi Zilizotoka Kabla Yake

Ukiingia laibrari ya muvi hapa Moshi ukaomba Star Wars zote, kijana wa pale atakurushia kwenye flashi mafaili yaliyopangwa kwa namba, kuanzia Episode I. Utaanza na ya kwanza kama ulivyopewa. Ukifika ya tatu utamwona Padmé akijifungua mapacha, akiwataja majina, Luke na Leia, kisha anakata roho. Ukifika ya sita, Luke anamuuliza Leia kama anamkumbuka mama yake, yule mama yake wa kweli. Leia anajibu kwamba anamkumbuka kidogo; alifariki yeye akiwa mdogo sana; kilichobaki ni taswira na hisia tu. Alikuwa mrembo, anasema, mwenye huruma, lakini mwenye huzuni.

Hapo ndipo mtu husimamisha muvi. Mdogo wangu mmoja wa Pasua aliniuliza, "Kaka, huyu anamkumbuka mama yupi?" Swali lake ni zuri kuliko majibu mengi anayopewa. Kuna wanaosema waandishi walisahau, na kuna wanaosema Leia ana Nguvu, ule uwezo usioonekana wanaoutumia Jedi, mambo yameisha. Majibu yote mawili yanafunga mjadala kabla haujaanza. Nataka nionyeshe namna ya kuushughulikia mgongano wa aina hii hatua kwa hatua, na nitatumia kisa hiki cha Leia kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ndani yake kuna karibu kila kitu kinachotokea mhusika anapooneshwa akiwa mdogo baada ya sisi kumjua akiwa mkubwa.

Kwanza, mgongano unatoka wapi

Aliyeitazama Return of the Jedi ilipotoka mwaka 1983 hakuona tatizo lolote. Kifo cha Padmé kilikuja sinema mwaka 2005, kwenye Revenge of the Sith, miaka 22 baadaye. Kwa hiyo kauli ya Leia haikukosea kitu. Wakati inasemwa hakukuwa na kitu cha kukosea. Ilisemwa juu ya maisha ya nyuma ambayo yalikuwa bado hayajapigwa picha.

Hata hivyo haikusemwa hewani. Riwaya ya Return of the Jedi iliyotoka mwaka huohuo wa 1983 inamfanya Obi-Wan, mzee wa Jedi, aeleze kwamba yeye alimpeleka Luke sayari ya Tatooine, na mama akaenda na Leia sayari ya Alderaan kwa Seneta Organa. Hiyo ndiyo picha ya zamani: mama aliishi kwa muda, akamlea bintiye kwa kificho, kisha akafa. Ukiisoma kauli ya Leia ukiwa na picha hiyo kichwani, kila neno linakaa mahali pake, hata ile huzuni, kwa sababu mama anayejificha akiwa na mtoto mmoja huku mwingine akiwa mbali ana kila sababu ya kuhuzunika.

Basi kwa nini filamu ya 2005 haikuifuata picha hiyo? Kwa sababu prikweli, yaani hadithi inayotoka baadaye lakini inasimulia mambo ya nyuma, lazima iwe na hadithi yake yenyewe. Revenge of the Sith ni hadithi ya kuanguka kwa Anakin, baba wa mapacha wale, na kinachomwangusha ni hofu. Anaota Padmé akifa wakati wa kujifungua, anatafuta uwezo wa kuzuia kifo hicho, na katika kuutafuta anakuwa yeye mwenyewe sababu ya kumpoteza. Padmé akinusurika, ndoto ile inakuwa ya uongo na anguko lote linapoteza uzito. Waandishi walikuwa na mambo mawili mkononi: kauli fupi ya mwaka 1983 na mhimili wa filamu nzima ya 2005. Mhimili ukashinda.

Naisisitiza hoja hii kwa sababu mashabiki wengi hudhani migongano ya prikweli inatokana na uzembe tu. Uzembe upo, siukatai. Lakini migongano mikubwa hutokea pale hadithi ya ujana wa mhusika inapohitaji kitu ambacho sentensi ya uzeeni ilishakikataa. Hadithi inayoendelea mbele ina uwanja wazi. Inayorudi nyuma inaingia katikati ya kuta zilizojengwa na watu ambao hawakujua kama siku moja kutapita mtu pale.

Hatua ya kwanza: kila kazi iandikie miaka miwili

Chukua daftari. Kwa kila filamu au tamthilia inayohusika, andika mwaka ilipotoka na mwaka wake ndani ya hadithi. Kwenye Star Wars mashabiki huhesabu kuanzia Vita vya Yavin, yaani lile pigano la kulipua kituo cha Death Star mwishoni mwa filamu ya 1977. Kwa kisa chetu daftari litasomeka hivi:

- Revenge of the Sith: ilitoka 2005, miaka 19 kabla ya Yavin, Leia anazaliwa.
- Obi-Wan Kenobi, tamthilia: ilitoka 2022, miaka 9 kabla ya Yavin, Leia ana miaka 10.
- Star Wars ya kwanza, ambayo kwenye flashi imeandikwa Episode IV: ilitoka 1977, mwaka wa Yavin wenyewe, Leia ana miaka 19.
- Return of the Jedi: ilitoka 1983, miaka 4 baada ya Yavin, Leia ana miaka 23.

Mwaka wa kutoka unakuambia nani alijua nini. Mwandishi wa 2022 aliyajua yote ya 1977, 1983 na 2005. Mwandishi wa 1983 hakuijua 2005. Mwaka wa ndani ya hadithi unakuambia mhusika mwenyewe alijua nini. Leia wa miaka 23 anapaswa kuwa amebeba yote yaliyompata akiwa na miaka 10. Mjadala mwingi huharibika kwa sababu mmoja anahesabu kwa mwaka wa kutoka na mwenzake kwa mwaka wa ndani, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Hatua ya pili: pata maneno yenyewe

Usiamini kumbukumbu yako, na usiamini ya rafiki. Rudisha muvi nyuma, sikiliza, andika kilichosemwa neno kwa neno.

Kwetu hatua hii ina ugumu wake. Wengi wetu tulizijua filamu hizi kwenye vibanda umiza, kupitia dijei wa kutafsiri. Dijei mzuri anaongeza chumvi, anaeleza kabla mhusika hajaeleza, anampa mtu nia ambayo kwenye sauti ya asili haipo. Nawaheshimu sana watu wa kazi hiyo, wametufungulia hadithi nyingi. Lakini ukipatanisha migongano, sauti ya dijei si ushahidi. Ikiwa alisema "mama aliyenilea", umeshapotezwa njia, maana Luke aliuliza kuhusu mama wa kweli, na utaona muda si mrefu kwamba neno hilo ndilo linaloamua kesi.

Angalia pia una toleo gani. Filamu zenyewe zimebadilishwa baada ya kutoka. Kwenye Return of the Jedi ya 1983, mzimu wa Anakin mwishoni ni mwigizaji mzee, Sebastian Shaw. Kwenye toleo la DVD la 2004 amewekwa Hayden Christensen, aliyemwigiza Anakin kijana. Watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha kuhusu mzimu ule, na wote wakawa sahihi, kila mmoja kwa nakala yake. Kwa bahati nzuri, mazungumzo ya Leia na Luke hayana utata huo.

Hatua ya tatu: tenga kilichoonekana na kilichosemwa

Kamera ikituonyesha Padmé akifa, huo ni ushahidi mzito. Mhusika akisimulia, huo ni ushahidi wa mtu, na mtu anaweza kudanganya, kutojua, kukosea, au kusema nusu.

Mfano mzuri ni Leia huyohuyo. Mwanzoni mwa filamu ya 1977 anamwambia Vader, ambaye ndiye Anakin baada ya kuanguka, usoni kwamba yeye ni mjumbe wa Seneti aliye kwenye safari ya kidiplomasia. Mwaka 2016 ikatoka Rogue One, ambayo inaishia muda mfupi kabla ya tukio hilo, na tunaona meli ya Leia ikichomoka katikati ya mapigano huku Vader akiitazama kwa macho yake. Kuna walioliita hilo kosa. Mimi silioni hivyo. Tangu 1977 tulijua Leia anadanganya. Rogue One imetuonyesha tu kwamba alidanganya bila hata jani la kujifichia. Kauli haikubadilika, uthubutu wa msemaji ndio ulioongezeka, na unamfaa.

Sasa rudi kwenye kauli ya mama. Je, Leia alikuwa na sababu ya kumdanganya Luke? Hakuna. Wako peke yao, usiku, kijijini kwa Ewok, na anamwamini. Kwa hiyo hatuna ruhusa ya kusema anadanganya. Tumebaki na kutojua, kukosea, au kusema nusu.

Kuna jambo jingine la kuliandika hapa: kiwango cha chanzo. Aprili 2014 Lucasfilm ilitangaza kwamba riwaya na komiki za miaka ya nyuma hazitahesabika tena katika hadithi rasmi, zikapewa jina la Legends. Ndiyo maana ile riwaya ya 1983 niliyoitaja inatusaidia kuelewa waandishi walifikiri nini, lakini haiwezi kutumika kumfufua Padmé ili aishi Alderaan. Mtu akikuletea jibu, muulize limetoka kwenye rafu ipi.

Hatua ya nne: mgongano ni wa aina gani

Nimezoea kuigawa katika aina tatu, na kila moja ina ukali wake.

Ya kwanza ni mgongano wa moja kwa moja: A inasema ndiyo, B inasema hapana. Ya pili ni ukimya wa ajabu: mhusika mkubwa hataji jambo ambalo mhusika mdogo alilipitia na lisingeweza kusahaulika. Ya tatu ni sura na umri: mwigizaji, mavazi, vyombo, meli zinazoonekana mpya zaidi katika wakati wa zamani. Hii ya tatu siipi muda mrefu. Obi-Wan ana miaka 38 mwishoni mwa Revenge of the Sith na miaka 57 kwenye filamu ya 1977, na Alec Guinness aliyemwigiza alikuwa amevuka 60. Jangwa lenye majua mawili linaweza kubeba tofauti hiyo, na hata lisipobeba, hakuna sentensi ya hadithi inayovunjika.

Kauli ya Leia kuhusu mama inaonekana ya aina ya kwanza. Lakini itazame vizuri kama ulivyoiandika. Anasema mama alifariki yeye akiwa mdogo sana. Mtoto wa saa moja ni mdogo sana. Hakusema aliishi naye, hakusema alimlea, hakutaja nyumba wala umri. Kinachogongana si kifo, ni kumbukumbu. Mgongano umeshapungua nusu kabla hatujabuni chochote, na hii ndiyo faida ya hatua ya pili.

Hatua ya tano: jaribu majibu kuanzia la bei ndogo

Kila jibu lina gharama. Jibu linalosoma maneno kwa makini halikugharimu kitu. Linalotegemea tabia ya mhusika linagharimu kidogo. Linaloomba muujiza linagharimu zaidi, na linaloomba tukio zima ambalo hakuna aliyeliona linagharimu kuliko yote. Anza chini, panda taratibu.

Jibu la kwanza: Leia anamzungumzia Breha Organa, malkia wa Alderaan aliyemlea. Hili ni jibu maarufu na linaonekana la bei ndogo. Linaanguka mara mbili. Luke ameuliza kuhusu mama wa kweli, na Leia anajua alilelewa. Tamthilia ya 2022 inaonyesha kwamba akiwa na miaka 10 tayari alijua, hata alimuuliza Obi-Wan kama yeye ndiye baba yake wa kweli. Pia, tamthilia hiyohiyo inamwonyesha Breha akiwa hai wakati huo. Mtu aliyempoteza mama akiwa na zaidi ya miaka 10 hasemi alikuwa mdogo sana kiasi cha kubakiwa na taswira tu. Futa.

Jibu la pili: aliwahi kuonyeshwa picha za Padmé. Baba mlezi wake, Bail Organa, alikuwa seneta mwenzake Padmé na alikuwepo wakati wa kifo chake. Kwa mtazamo wa kwanza ni jibu zuri. Gharama yake inaonekana ukiuliza: picha zile aliambiwa ni za nani? Padmé aliwahi kuwa malkia wa Naboo na baadaye seneta, si mtu wa kupotea. Leia akiambiwa "huyu ndiye mama yako", atajua jina, na akijua jina siri iliyolindwa kwa miaka yote ile inakuwa kwenye kinywa cha mtoto. Mzazi aliyemficha kutoka kwa Vader hafanyi hivyo. Anaweza kuwa aliziona picha bila kuambiwa, lakini basi asingezihesabu kama kumbukumbu za mama. Jibu hili naliweka pembeni.

Jibu la tatu: alielezewa, bila kutajiwa jina. Hapa tamthilia ya 2022 inaleta kitu kizito. Katika sehemu ya mwisho, ya sita, Obi-Wan anamwambia Leia sifa alizorithi: hekima, utambuzi, moyo wa huruma, hizo zimetoka kwa mama, ari, kutoogopa, kusema wazi, hizo zimetoka kwa baba. Hataji jina hata moja, na anasema angetamani kumwambia zaidi. Ukilinganisha na kauli ya 1983, neno la huruma limepata chanzo. Leia wa miaka 23 anasema mama alikuwa mwenye huruma, na sasa tunajua nani alimwambia, lini, na kwa nini hakuambiwa zaidi. Kila mmoja wetu ana ndugu anayemwelezea bibi aliyefariki kabla yeye hajatambaa, anakuambia alivyokuwa anacheka na alivyopenda watoto, na haoni tofauti kati ya alichokiona na alichosimuliwa. Jibu hili halihitaji muujiza.

Lakini halimalizi kazi. Leia alisema taswira na hisia, na hakuna aliyemsimulia huzuni. Kwa sehemu hiyo iliyobaki ndipo ninapokubali jibu la nne, yaani Nguvu, na sioni aibu kulitumia kwa sababu limeshalipiwa ndani ya hadithi. Anakin aliona kifo cha Padmé ndotoni kabla hakijatokea. Luke, kwenye filamu ya 1980, aliwaona rafiki zake wakiteseka mahali alipokuwa hayupo. Familia hii huona picha na kuhisi hali za watu wao. Kwamba Leia alibeba hisia ya mama aliyekufa akiwa na huzuni ni jambo lililo ndani ya kanuni zilizokwisha onyeshwa.

Hatua ya sita: lipime jibu kwa mhusika wa pembeni

Jibu lolote zuri kwa Leia lazima limweleze na Luke. Wamezaliwa dakika zilezile, wana Nguvu ileile, lakini Luke anasema hana kumbukumbu yoyote ya mama. Ukijibu kwa Nguvu peke yake unakwama hapa, na ndiyo sababu sikubali jibu la "ana Nguvu, mambo yameisha".

Jibu letu la vipande viwili linapita mtihani huu. Luke alilelewa na wakulima wa Tatooine, Owen na Beru, waliomwona Padmé mara moja tu kwenye filamu ya 2002, na Owen hakutaka mazungumzo ya nyuma. Hakuna aliyempa Luke maneno. Leia alikulia kwenye nyumba ya mtu aliyemfahamu mama yake, na akakutana na Obi-Wan aliyempa sifa moja baada ya nyingine. Hisia isiyo na maneno inafifia. Hisia iliyopewa maneno inageuka kumbukumbu. Tofauti ya mapacha inaelezwa na malezi, na malezi tumeyaona kwa macho.

Hapa utabaini pia jibu baya linavyojulikana. Likitatua sehemu moja, linatoboa nyingine. Jibu la picha lilitoboa siri ya uzazi. Jibu la Nguvu peke yake lilimtoboa Luke. Ukiona kila mara unahitaji jibu la pili kulitetea la kwanza, rudi nyuma.

Ukimya wa ajabu: ujumbe wa 1977

Tamthilia ya 2022 ilitusaidia kuhusu mama, lakini ilileta deni lake. Kama Leia alisafiri na Obi-Wan akiwa na miaka 10, akaokolewa naye, kwa nini ujumbe wa hologramu wa 1977 unasomeka kama barua kwa mtu asiyemjua? Anamwita Jenerali Kenobi, anamkumbusha kwamba miaka ya nyuma alimtumikia baba yake katika Vita vya Kloni. Hakuna "unanikumbuka?".

Huu ni ukimya, na ukimya hupatanishwa kwa kuuliza: msemaji alikuwa na sababu ya kunyamaza? Alikuwa nayo kubwa. Anaongea ndani ya droidi, kwenye meli inayovamiwa, akijua droidi ile inaweza kukamatwa. Na mwishoni mwa tamthilia Obi-Wan mwenyewe alimwonya kwamba hakuna anayepaswa kujua, kwa kuwa ingewahatarisha wote wawili. Ujumbe wa kirasmi ni utii kwa onyo hilo.

Halafu kuna jambo ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote katika kisa hiki. Kwenye ujumbe, Leia anasema Obi-Wan Kenobi. Baadaye, Luke anapomfungulia selo anamwambia amekuja na Ben Kenobi, na Leia hasiti hata kidogo; anashtuka kwa jina hilo na kuuliza yuko wapi. Amelijulia wapi jina la Ben, jina la kujifichia jangwani? Kwa miaka 45 swali hilo dogo lilikaa pale. Mwaka 2022 tulimwona Leia mdogo akimwita Ben. Tena, filamu ya 2015 ilishatuambia mtoto wake aliyemzaa na Han anaitwa Ben, wakati kwenye skrini hatukuwahi kumwona Leia akizungumza na mzee huyo. Prikweli imeingia kati ya kuta na safari hii imeziba nyufa mbili.

Deni halijaisha lote, na usimfiche mwenzako. Baada ya Obi-Wan kuuawa mbele yao, ni Leia anayemfariji Luke, ambaye alimfahamu mzee kwa muda mfupi tu katika safari ile. Unaweza kusema ni kiongozi aliyezoea kumeza machungu. Sayari yake nzima imetoka kulipuliwa naye hajalia mbele ya mtu. Jibu hilo linatoka kwenye tabia yake na nalikubali, lakini naliandikia alama ya nusu.

Hatua ya saba: andika safu mbili, usizichanganye

Kwenye daftari, kila mgongano uwe na safu ya ndani ya hadithi na safu ya nje. Kwa mama wa Leia, safu ya nje inasema: mwaka 1983 mama alifikiriwa kuwa aliishi, mwaka 2005 hadithi ya Anakin ilimhitaji afe. Safu ya ndani inasema: maneno ya Obi-Wan pamoja na hisia za Nguvu. Zote mbili ni kweli katika uwanja wake. Mtu akiuliza kwa nini mgongano upo, mjibu kwa safu ya nje. Akiuliza Leia anamaanisha nini, mjibu kwa safu ya ndani. Ukimjibu wa pili kwa kumwambia "waandishi walibadili mawazo", hujamjibu.

Wakati mwingine watengenezaji wenyewe hufanya kazi ya safu ya ndani. Mwaka 1980 Obi-Wan alisema Yoda ndiye aliyemfundisha. Mwaka 1999 tukamkuta chini ya mwalimu mwingine, Qui-Gon. Mwaka 2002 tukaoneshwa Yoda akifundisha watoto wadogo wa Jedi, na kauli ikapata mahali pa kukaa: Yoda aliwafundisha wakiwa wadogo, kisha kila mmoja akapewa mwalimu wake. Ukiona tukio fupi kwenye prikweli lisilosukuma hadithi, jiulize linalipa deni la kauli gani.

Hatua ya nane: yaliyogoma yaache wazi

Kuna migongano ambayo nimeiacha wazi daftarini. Mmoja ni maneno ya Vader kwa Obi-Wan, mwalimu wake wa zamani, kwenye filamu ya 1977, kwamba alipomwacha yeye alikuwa mwanafunzi, na sasa ni bwana. Baada ya 2005 maneno hayo yalielekea Mustafar, sayari walikopigana mwishoni mwa Revenge of the Sith, bila shida kubwa. Tamthilia ya 2022 iliwapambanisha tena, Vader akiwa tayari ndani ya vazi lake jeusi na akiwa na cheo chake, kisha akashindwa na kuachwa na kofia iliyopasuka. Wapo wanaosema kwamba kwa kushindwa kule alijihesabu bado mwanafunzi. Wapo wanaosema neno "kuacha" linahusu siku alipouacha upande wa Jedi. La kwanza linamfanya Vader akubali udhaifu ambao sijaona popote akiukubali. La pili linalinyoosha neno kuliko linavyovutika. Nimeyaandika yote mawili na gharama zake, nikaacha mstari mtupu chini yake kwa atakayeleta la tatu.